Kukadiria pensheni ya PSSSF: hesabu ya kichwani, kanuni kamili, au kupiga mbele hadi miaka 60?

Muulize mtumishi wa umma mwenye miaka hamsini na kitu atapata shilingi ngapi kwa mwezi akistaafu, na mara nyingi atakutajia namba mbili au tatu zisizofanana. Moja kaipiga mwenyewe kichwani, nyingine kaletewa na mwenzake wa ofisini, ya tatu kaipata kwenye semina ya wastaafu watarajiwa. Huenda hakuna aliyemdanganya. Kila namba inajibu swali lake, naye hajui ipi inajibu swali lipi.

Hapa nazilinganisha njia tatu za kukadiria pensheni kwa mwanachama wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, yaani mfuko uliozaliwa mwaka 2018 baada ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa. Kama hujafikisha miezi 180 ya kuchangia, hesabu hizi bado hazikuhusu, kwa kuwa pensheni ya kila mwezi inaanzia hapo.

## Kanuni yenyewe

Njia zote tatu zinasimama juu ya kanuni moja:

```
Pensheni kamili ya mwaka = 1/580 x N x APE
Mkupuo                   = pensheni kamili ya mwaka x 12.5 x M
Pensheni ya mwezi        = pensheni kamili ya mwaka x (1 - M) / 12
```

N ni idadi ya miezi uliyochangia. APE ni wastani wa mshahara wa mwaka kwa miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. M ni sehemu ya pensheni unayolipwa kwa mkupuo, na 12.5 ni kizidisho kinachoigeuza sehemu hiyo ya pensheni ya mwaka kuwa mkupuo. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kiliiweka sehemu hiyo kuwa 33% kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40% kwa kundi lililokuwa likipata 50% kabla ya mifuko kuunganishwa, kama waliotoka PSPF na LAPF, na hadi 35% kwa waliokuwa wakipata 25%. Mifano yote hapa chini natumia 40%. Kama wewe ni wa 35%, pensheni yako ya mwezi itakuwa kubwa kidogo na mkupuo mdogo zaidi.

Ile 1/580 ndiyo kasi ambayo pensheni inajijenga. Kila mwezi unaochangia unakupa sehemu moja katika 580 ya mshahara wako wa wastani, na kwa mwaka hiyo ni kama 2.07%. Miaka 25 inakupa takribani 52% ya mshahara, miaka 30 takribani 62%. Hapo mkupuo haujakatwa.

## Vigezo vya kulinganisha

Nimeziangalia njia hizi kwa mambo manne: inahitaji taarifa gani, hesabu inakwendaje, inakosea upande gani, na inamfaa nani. Kigezo cha tatu ndicho ninachokipa uzito. Kila kadirio lina kosa lake, na kosa ambalo unajua limeegemea wapi unaweza kuishi nalo.

Mfano wetu ni mwalimu wa sekondari, tumwite Mwalimu Rehema. Aliajiriwa Februari 2001 na atafikisha miaka 60 mwishoni mwa Januari 2031. Tunapiga hesabu mwishoni mwa Januari 2026, akiwa na miaka 55 na miezi 300 ya kuchangia. Mshahara wake wa msingi sasa ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Kwa wastani wa mwezi, miaka yake mitatu bora ni 1,260,000, kisha 1,350,000, kisha 1,500,000.

## Njia ya kwanza: hesabu ya kichwani

Inahitaji nini. Mshahara wa msingi wa leo na miaka ya kazi. Basi.

Inavyokwenda. Badala ya 2.07% chukua 2% kwa kila mwaka wa kazi, kisha ondoa 40% ya mkupuo. Asilimia 60 ya 2% ni 1.2%. Kwa hiyo kila mwaka wa kazi unakupa 1.2% ya mshahara wa mwezi. Kwa Rehema hiyo ni shilingi 18,000 kwa kila mwaka, na kwa miaka 25 ni shilingi 450,000 kwa mwezi. Hata foleni ya benki inatosha kuikamilisha.

Inakosea upande gani. Ina makosa mawili yanayovutana. Kuchukua 2% badala ya 2.07% kunashusha jibu kwa kama 3%. Kuchukua mshahara wa leo badala ya wastani wa miaka mitatu kunalipandisha, na kunalipandisha sana kama umeongezewa mshahara karibuni. Rehema aliongezewa, ndiyo maana 450,000 yake itatokea kuwa juu ya hesabu kamili. Mtu ambaye mshahara wake haujasogea kwa miaka mitatu atapata jibu lililo chini kidogo ya haki yake.

Kosa kubwa zaidi katika njia hii hutoka kwa anayeipiga. Wengi huishia kwenye pensheni kamili, wakapata 750,000, wakaitangaza nyumbani kama pesa ya kila mwezi na wakasahau kwamba sehemu yake inaliwa na mkupuo. Wengine huanza na mshahara wote pamoja na posho. Mchango wa PSSSF unakatwa kwenye mshahara wa msingi. Posho ya nyumba au ya madaraka haichangiwi, kwa hiyo haipo kwenye pensheni.

Inamfaa nani. Anayetaka kujua kama anazungumzia laki mbili au laki sita. Inamfaa pia kijana wa miaka 35, ambaye hesabu yoyote ya kina kwake ni kubashiri tu kwa desimali nyingi.

## Njia ya pili: kanuni kamili kwa taarifa za leo

Inahitaji nini. Taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi na mishahara ya msingi ya miaka kumi ya karibuni. Michango unaweza kuiona kwenye programu ya PSSSF Kiganjani au kuiomba ofisi ya mfuko. Ikiwa salari slipu za zamani zimepotea, kuna njia ya mkato. Mtumishi anachangia 5% ya mshahara wa msingi na mwajiri 15%. Chukua makato ya PSSSF upande wa mtumishi, zidisha kwa 20, utapata mshahara uliochangiwa mwezi huo. Makato ya 75,000 maana yake mshahara wa 1,500,000.

Inavyokwenda. Wastani wa miaka mitatu ya Rehema ni shilingi 1,370,000 kwa mwezi, sawa na 16,440,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 300, gawa kwa 580, unapata pensheni kamili ya shilingi 8,503,448 kwa mwaka. Asilimia 60 yake ikigawanywa kwa 12 ni shilingi 425,172 kwa mwezi. Mkupuo ni 8,503,448 mara 12.5 mara 0.40, yaani shilingi 42,517,241.

Tazama namba hizo mbili za mwisho. Mkupuo ni mara 100 ya pensheni ya mwezi, na haikutokea kwa bahati. Kwa mtu wa 40% itakuwa hivyo daima, awe mhudumu au mkurugenzi. Kwa mtu wa 35% ni kama mara 81. Ukiletewa makadirio ambayo uwiano wake hauko hapo, kabla ya kufurahi au kulia uliza wametumia kikokotoo kipi.

Naisisitiza hii kwa sababu kanuni ya zamani ya PSPF bado inazunguka kwenye magrupu ya watumishi kana kwamba inatumika. Ile ilikuwa 1/540, mshahara wa mwisho badala ya wastani, kizidisho cha 15.5 na mkupuo wa nusu. Kwa Rehema ingetoa pensheni kamili ya shilingi 10,000,000 kwa mwaka, mkupuo wa 77,500,000 na pensheni ya mwezi ya 416,667. Linganisha na ya sasa: pensheni ya mwezi imepanda kidogo, mkupuo umepungua kwa shilingi milioni 35. Ndiyo maana kelele za kikokotoo, tangu kanuni za 2018 zilizosimamishwa na Rais Magufuli Desemba mwaka huohuo, zilihusu zaidi mkupuo kuliko pesa ya mwezi. Na ndiyo maana mtu aliyepiga kwa kanuni ya zamani anaweza kuwa karibu sahihi kuhusu pesa ya mwezi huku akiwa ameshawaahidi mafundi nyumba isiyokuwepo.

Inakosea upande gani. Kihesabu haikosei. Inakosea pale taarifa ulizoingiza zilipo na kasoro, na kasoro zenyewe ni za aina mbili.

Ya kwanza ni miezi isiyoonekana. Mtumishi aliyehamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, au kutoka shirika la umma kwenda wizarani, anaweza kukuta pengo kwenye taarifa yake ingawa mshahara wake ulikatwa kila mwezi. Kila mwezi mmoja unaokosekana unampunguzia Rehema shilingi 1,417 za pensheni kila mwezi kwa maisha yake yote, na 141,700 za mkupuo. Pengo la miezi 14 ni karibu shilingi 20,000 kila mwezi na karibu milioni mbili za mkupuo. Kulijua ni rahisi: hesabu miezi tangu barua ya ajira hadi leo, linganisha na miezi iliyo kwenye taarifa. Zikitofautiana, tafuta mwaka uliopungua, chukua salari slipu za mwaka huo na uanzie kwa afisa utumishi. Anayelianza hilo akiwa kazini ana ofisi ya kukimbilia. Aliyestaafu huanza kwa kutafuta nani alikuwa mhasibu miaka hiyo.

Ya pili ni malimbikizo. Ukilipwa malimbikizo ya kupandishwa daraja kwa mkupuo, mwezi huo mmoja mshahara unaonekana mkubwa kupita kawaida. Mtu akiuchukua mwezi huo na kuuzidisha kwa 12, APE yake inapaa angani. Jumlisha mishahara halisi ya mwaka mzima.

Inamfaa nani. Aliyebakiza mwaka mmoja hivi, anayefikiria kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kuendelea, na yeyote anayetaka kukagua kumbukumbu zake. Kwa aliyebakiza miaka mingi namba hii iko chini ya atakachopata kweli, kwa kuwa inamhesabu kama anaondoka leo.

## Njia ya tatu: kupiga mbele hadi siku ya kustaafu

Inahitaji nini. Vyote vya njia ya pili, pamoja na makisio mawili: mshahara utakua kwa kasi gani, na bei zitapanda kwa kasi gani. Hapa ndipo unaacha kuhesabu na kuanza kukisia. Kila kisio liandikwe pembeni ya jibu, la sivyo mwakani hutakumbuka namba ilitoka wapi.

Inavyokwenda. Rehema akifika Januari 2031 atakuwa na miezi 360. Tukisema mshahara unakua 4% kila mwaka kuanzia 1,500,000, miaka mitatu ya mwisho itakuwa takribani 1,687,000, kisha 1,755,000, kisha 1,825,000, na wastani wake kama 1,755,700. Ukizidisha kwa 360 na kugawa kwa 580, pensheni kamili ni karibu 1,089,700 kwa mwezi. Baada ya mkupuo zinabaki kama 653,800 kila mwezi, na mkupuo wenyewe ni kama milioni 65.4.

Namba nzuri, ila hizo ni shilingi za 2031. Bei zikipanda 3% kwa mwaka kwa miaka mitano, 653,800 hizo zitanunua kile ambacho 564,000 zinanunua leo. Sasa jaribu njia fupi: chukua mshahara wa leo bila nyongeza yoyote, uweke na miezi 360. Unapata 558,621. Jibu karibu lilelile, bila kukisia mshahara wala bei. Kwa hiyo nikitaka kujua maisha yatakuwaje baada ya kustaafu, napendelea kuchukua *mshahara wa leo na miezi ya siku ya kustaafu*. Mishahara ikikua kwa kasi inayokaribia ya bei, kadirio hilo halitakuangusha.

Njia hii inaonyesha pia kitu ambacho zile mbili haziwezi kukionyesha, nacho ni wakati wa kupanda daraja. Tuseme Rehema anapandishwa na mshahara unaongezeka kwa 240,000. Akipandishwa miaka mitatu kabla ya kustaafu, nyongeza yote inaingia kwenye wastani na pensheni ya mwezi inapanda kwa karibu 89,400. Akipandishwa mwaka mmoja tu kabla, theluthi moja ndiyo inayoingia, na pensheni inapanda kwa kama 29,800. Barua ileile, cheo kilekile, tofauti ya karibu shilingi 60,000 kila mwezi. Anayefuatilia daraja lake lililocheleweshwa ana hoja ya fedha ya kumpelekea mwajiri wake, na ni hoja inayohesabika.

Upande wa pili wa sheria hiyohiyo una nafuu. Kwa kuwa miaka mitatu inachaguliwa iliyo bora ndani ya kumi, mtu aliyekuwa mkuu wa idara kwa mshahara mkubwa kisha akarudi chini hapotezi ile miaka yake, mradi iko ndani ya kumi ya mwisho. Hapo usipige mbele kwa mshahara wa sasa. Weka ile mitatu.

Inakosea upande gani. Karibu daima juu, kwa sababu watu hukisia nyongeza za mshahara kwa moyo mkunjufu na kusahau bei. Ukiweka 8% kwa mwaka utapata namba ya kupendeza isiyo na maana. Na kanuni yenyewe inaweza kubadilika kabla hujafika: kati ya 2018 na 2024 sehemu ya mkupuo peke yake iliguswa zaidi ya mara moja.

Inamfaa nani. Aliyebakiza miaka mitatu hadi kumi na anapanga jambo la muda mrefu, kama ada za watoto, mkopo ambao hautakuwa umeisha, au uamuzi wa kubaki hadi 60.

## Zikikaa pamoja

Kwa Mwalimu Rehema, mkupuo wa 40%, namba zimekaribishwa:

| Njia | Pensheni ya mwezi | Mkupuo |
|---|---|---|
| Kichwani, miaka 25 | 450,000 | 45,000,000 |
| Kanuni kamili, akiondoka leo | 425,200 | 42,500,000 |
| Mbele, mshahara wa leo, miezi 360 | 558,600 | 55,900,000 |
| Mbele, mshahara ukikua 4% | 653,800 | 65,400,000 |

## Uchague ipi

Kama uko chini ya miaka 45, tumia ya kichwani na nguvu zako zielekeze kwenye taarifa ya michango. Kujua leo kwamba pensheni yako ya mwaka 2045 ni 612,340 badala ya 600,000 hakukusaidii lolote, wakati pengo la michango la mwaka jana bado linazibika.

Kama una kati ya miaka 50 na 57, piga ya pili na ya tatu pamoja. Ya pili inakupa sakafu, yaani kile ambacho tayari umekichuma. Ya tatu kwa mshahara wa leo inakuonyesha miaka iliyobaki ina thamani gani. Kwa Rehema miaka mitano ya kubaki ni kama 133,000 zaidi kila mwezi na milioni 13 za mkupuo, juu ya mishahara atakayopokea njiani. Anayeumwa, au mwenye biashara iliyokwishasimama, anaweza kuziona namba hizo na bado akaamua kuondoka.

Kama mkopo ndio unaokusukuma kupiga hesabu, chukua pensheni ya mwezi ya njia ya pili na uufikirie mkupuo kama pesa isiyokuwepo. Kama unapanga kujenga kwa mkupuo, fanya kinyume: piga mkupuo kwa njia ya pili, hakiki uwiano wa mara 100 au 81, na usimlipe fundi kwa namba ya njia ya tatu.

Kama umebakiza miezi sita au chini, iandikie ofisi ya mfuko uombe makadirio rasmi, uende nayo mkononi pamoja na hesabu yako ya njia ya pili. Zikitofautiana kwa shilingi chache, ni kukaribisha namba. Zikitofautiana kwa maelfu, angalia kwanza N, kisha miaka mitatu iliyochaguliwa, kisha asilimia ya kundi lako, kwa mpangilio huo.